Makosa ya mwaka wa kwanza ya mtengeneza programu za simu anayejitegemea: maswali na majibu kuanzia mkataba hadi programu ikae Play Store kwa jina la mteja

Wengi wanaoanza kujitegemea wanajua kuandika programu. Wanakokwama ni kwenye kukabidhi: programu imekamilika kwenye kompyuta, mteja ameisifu, lakini inapita miezi miwili bila kufika Play Store na malipo ya mwisho hayalipwi. Kwa hiyo maswali yaliyo hapa ni ya safari hiyo moja tu, na yamepangwa kwa hatua. Anayeyajibu ni mtengeneza programu wa Android anayetumia Flutter, lakini hatua ni zilezile kwa anayeandika kwa Kotlin.

Tutatembea na mfano mmoja. Duka la jumla la vinywaji mjini Mwanza linataka programu ambayo wenye maduka ya rejareja wataagizia kreti za soda na maji. Wanaingia kwa akaunti ya Google, mwenye duka la jumla anamwidhinisha kila mmoja, ndipo wanaona bei. Bei ya kazi ni shilingi 2,400,000.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkataba wa ukurasa mmoja au miwili, uliosainiwa.
- Barua pepe ya Gmail ya biashara ya mteja, si yako, na si ile anayotumia mwanawe.
- Kitambulisho cha mteja na kadi yake ya benki inayolipa mtandaoni. Ada ya akaunti ya Play Console, ukumbi wa Google wa kupakia na kusimamia programu za Play Store, ni dola 25, inalipwa mara moja.
- Simu halisi ya Android ya mteja kwa ajili ya uhakiki wa akaunti.
- Flashi mbili, au flashi moja na hifadhi ya mtandaoni, kwa ajili ya faili la ufunguo wa kutia saini programu.
- Orodha ya watu 15 hadi 18 wenye simu za Android watakaojaribu programu.
- Ukurasa wa wavuti wenye sera ya faragha. Bila kiungo chake huwezi kukamilisha fomu za Play.

## Hatua ya 1: Gawa malipo kwa kitu kinachoonekana

Swali: Nilipokea nusu mwanzoni, nusu iliyobaki "kazi ikiisha". Mteja anasema haijaisha. Nimekosea wapi?

Neno "ikiisha" halina kipimo. Kwako kazi imeisha programu inapofanya kazi kwenye simu yako. Kwa mteja haijaisha mpaka binamu yake aipate Play Store. Kati ya hizo siku mbili kuna karibu mwezi mzima, na mwezi huo ndio unaozaa ugomvi.

Kwa mfano wetu gawa hivi: 960,000 siku ya kusaini, 840,000 siku ambayo mteja ameweka programu ya majaribio kwenye simu yake na kupitisha oda moja tangu mwanzo hadi mwisho, 600,000 siku ya kubonyeza ombi la kwenda kwa umma, kabla ya kubonyeza. Awamu ya mwisho isingoje programu ionekane Play Store, kwa sababu uamuzi huo ni wa Google, na wewe huna mamlaka juu ya siku watakayojibu.

Swali: Na nyongeza ndogondogo? Mteja husema "weka tu na kitufe cha kuprinti risiti".

Hicho kitufe ndicho mfano mzuri. Kwake ni kitufe. Kwako ni kuunganisha printa ya risiti kwa bluetooth, kuomba ruhusa ambazo zimebadilika kuanzia Android 12, na kujaribu kwenye printa ambayo hata haijanunuliwa. Ni kazi ya siku kadhaa. Andika kwenye mkataba orodha ya kurasa zote za programu kwa majina: kuingia, kusubiri idhini, orodha ya bidhaa, kikapu, oda zangu, ukurasa wa mwenye duka. Kisichotajwa kina bei yake na tarehe yake, na kinaandikwa kabla ya kuanzwa.

Weka pia tarehe ya mteja kuleta picha na bei za bidhaa. Programu nyingi hazikwami kwenye kuandika kodi, zinakwama zikisubiri picha za kreti.

Swali: Mteja ni shemeji yangu. Kumletea mkataba si kumkosea heshima?

Mpelekee karatasi mkiwa mmekaa, umsomee kwa sauti, umwambie, "Shemeji, hii ni ili mimi nisisahau nilichokuahidi." Anayebanwa zaidi na orodha ya kurasa ni wewe, na ukilieleza hivyo hataona kama unamshuku. Kibaya ni kuileta karatasi siku mmeshaanza kuvutana.

## Hatua ya 2: Akaunti iwe ya mteja

Swali: Ninayo akaunti yangu ya Play Console. Kwa nini nisiweke programu za wateja wote humo?

Kwa sababu zote zitakuwa kwenye kapu moja. Programu ya mteja mmoja ikivunja kanuni na akaunti ikafungwa, za wateja wengine wote zinaondoka nayo. Na Google inaweza kufunga pia akaunti inazoona zinahusiana na ile iliyofungwa. Kuna na jambo la jina: chini ya programu ya duka la Mwanza litasomeka jina lako, na malalamiko ya kreti zilizochelewa yatakuja kwako.

Utaratibu ulio salama ni huu. Kaa na mteja, afungue akaunti kwa Gmail ya biashara, alipe dola 25 kwa kadi yake, apakie kitambulisho chake mwenyewe, na ahakiki simu yake kupitia programu ya Play Console. Kisha aingie `Users and permissions`, akualike kwa barua pepe yako. Omba ruhusa za kutoa matoleo na kusimamia majaribio. Huhitaji ruhusa za fedha.

Jina kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye kitambulisho. Kitambulisho kikisema majina matatu na akaunti ikawa na mawili, uhakiki unaweza kurudi, na wiki imepotea.

Swali: Achague akaunti ya mtu binafsi au ya taasisi?

Akiwa na kampuni iliyosajiliwa, taasisi. Inadai namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kutambulisha biashara, ambayo ni bure lakini kuipata kunaweza kuchukua hadi siku 30, kwa hiyo iombwe siku ileile ya kusaini mkataba. Faida yake ni kwamba akaunti ya taasisi haibanwi na majaribio ya siku 14 tutakayoyaona kwenye hatua ya 4. Mfanyabiashara asiye na kampuni atatumia ya mtu binafsi, na mfano wetu ni huo.

Swali: Na kama programu tayari iko kwenye akaunti yangu?

Inahamishika. Watumiaji, nyota na maoni huenda nayo. Mteja afungue akaunti yake, akupe namba ya muamala wa ile dola 25, nawe utume ombi la kuhamisha ukiwa mmiliki wa akaunti ya sasa. Fanya hivyo mapema, mkiwa bado mnaelewana.

Kanuni hiyohiyo ishike kwa Firebase, huduma ya Google itakayotunza data na akaunti za watumiaji wa programu. Mradi ufunguliwe na Gmail ya mteja, wewe uongezwe. Ukiufungua wewe na ukaweka kadi yako, siku matumizi yakivuka kiwango cha bure bili inakuja kwako.

## Hatua ya 3: Jina la ndani na faili la ufunguo

Swali: Nimepakia programu, imekataliwa kwa sababu ya jina la kifurushi. Ni nini hicho?

Ni `applicationId`, jina la ndani la programu. Ukianza mradi wa Flutter bila kulitaja linakuwa `com.example.` na jina la mradi, na Play haipokei `com.example`. Weka lililotokana na jina la biashara ya mteja, mathalani `tz.co.jinaladuka.oda`. Lifikirie vizuri, maana programu ikishachapishwa halibadiliki tena. Kulibadilisha ni kutoa programu mpya isiyo na mtumiaji hata mmoja.

Kisha tengeneza ufunguo wa kupakia:

```
keytool -genkeypair -v -keystore upload-keystore.jks -keyalg RSA -keysize 2048 -validity 10000 -alias upload
```

Itakuuliza nywila na majina. Andika mahali faili lilipo, alias na nywila ndani ya `android/key.properties`, kisha uelekeze `build.gradle` ya `android/app` isaini toleo la release kwa ufunguo huo, la sivyo litasainiwa na ufunguo wa majaribio na Play italikataa. Hakikisha faili hilo na `key.properties` vimeandikwa ndani ya `.gitignore` kabla ya kusukuma kodi popote. Nakala moja ikae kwenye flashi yako, ya pili kwa mteja pamoja na nywila ndani ya bahasha. Usitume nywila na faili kwenye ujumbe mmoja.

Swali: Kompyuta imeibwa na ufunguo umeondoka nayo. Programu ndiyo imekufa?

Hapana, mradi ilisajiliwa kwa mfumo wa Play App Signing, na programu mpya zote tangu Agosti 2021 ziko humo. Ufunguo unaotia saini ya mwisho unatunzwa na Google. Uliopoteza wewe ni wa kupakia tu. Tengeneza mwingine, toa cheti chake, na mwenye akaunti aombe kuubadilisha kwenye ukurasa wa `App signing`:

```
keytool -export -rfc -keystore upload-keystore.jks -alias upload -file upload_certificate.pem
```

Angalia maneno "mwenye akaunti". Kama hatua ya 2 ilirukwa na akaunti ni ya kijana aliyekutangulia asiyepokea simu, hapo ndipo mteja anakwama kweli.

Sasa jenga faili la kupakia:

```
flutter build appbundle --release
```

Utalikuta ndani ya `build/app/outputs/bundle/release` likiwa na mwisho wa `.aab`. Ukilipakia na Play Console ikalipokea bila neno jekundu, hatua hii imekwisha. Kila toleo linalofuata lazima namba ya toleo ipande. Kwenye `pubspec.yaml` ni ile iliyo baada ya alama ya kujumlisha: `1.0.0+1` inakuwa `1.0.1+2`.

## Hatua ya 4: Majaribio ya siku 14

Hapa ndipo wengi wanaanguka, mara nyingine mara mbili kwa programu moja, kwa hiyo soma taratibu.

Swali: Sharti lenyewe linasemaje?

Akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haiwezi kutoa programu kwa umma moja kwa moja. Lazima kwanza ifanye `Closed testing`, yaani majaribio ya watu ulioorodhesha wewe tu, na watu wasiopungua 12, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walidaiwa watu 20, wakapunguzwa kuwa 12 mwezi Desemba 2024, ndiyo maana bado utasikia namba zote mbili zikitajwa.

Swali: Nilikusanya watu 12, siku 14 zikapita, nikaambiwa sijatimiza. Vipi?

Kuna sababu tatu za kukagua, na ya kwanza ndiyo ya kawaida kuliko zote.

Mtu amekupa barua pepe moja, lakini Play Store ya simu yake imefunguliwa kwa nyingine. Ukimtumia kiungo, ukurasa unamwambia programu haipatikani kwa akaunti hiyo, anadhani ni intaneti, ananyamaza. Usimuulize "barua pepe yako ni ipi". Mwambie afungue Play Store, aguse duara la picha yake juu kulia, apige picha ya kioo, akutumie. Barua pepe inayosomeka hapo ndiyo ya kuingiza kwenye orodha.

Ya pili, mtu amepakua programu kisha akajitoa kwenye majaribio na kurudi siku ya kumi. Siku zake zinaanza upya, na ukiwa na watu 12 kamili, hesabu yako yote imevunjika. Ndiyo maana kwenye vifaa tumesema 15 hadi 18.

Ya tatu, siku zilihesabiwa kuanzia siku ya kupakia faili. Hesabu inaanza pale mtu wa kumi na mbili anapojiunga. Toleo la majaribio lenyewe hupitiwa na Google kabla ya kiungo kufanya kazi.

Swali: Nianze na nani?

Mwombe mteja wenye maduka ya rejareja wanaonunua kwake. Hao wana sababu ya kuitumia. Waeleze wabonyeze kiungo cha kujiunga, waweke programu, waagize angalau oda moja ya majaribio kila baada ya siku mbili au tatu, na wasiiondoe mpaka uwaambie. Siku 14 zikitimia Google itakuuliza uliwapataje wajaribu, walisema nini na ulirekebisha nini. Kwa hiyo fungua daftari: tarehe, nani, tatizo, toleo lililolitatua. Toa toleo la marekebisho moja au mawili katikati. Hayaanzishi hesabu upya. Wanaonunua wajaribu mtandaoni hawana cha kujibu hapo, na ombi hurudishwa kwa maelezo kwamba majaribio hayakutosha.

Swali: Nimwahidi mteja tarehe gani?

Hesabu pamoja naye. Mtu wa kumi na mbili akijiunga tarehe 2 Machi, unatuma ombi tarehe 16. Jibu kwa kawaida huja ndani ya siku 7, tuseme tarehe 23. Kisha unatuma toleo la umma, nalo linapitiwa, na kwa akaunti mpya hiyo inaweza kula wiki nyingine: tarehe 30. Mwambie tarehe 7 Aprili. Asichapishe mabango ya "pakua sasa" kabla hajaiona kwa macho yake.

## Hatua ya 5: Kuingia kwa Google kunakogoma baada ya kupakia

Swali: Kwenye simu yangu inaingia vizuri. Wajaribu wote walioipakua Play hawaingii. Kodi ni ileile!

Kodi ni ileile, saini siyo. Google huitambua programu kwa alama ya saini iitwayo SHA-1, na programu yako ina alama tatu. Unapoijaribu kwa kebo inasainiwa na ufunguo wa majaribio wa kompyuta yako. Unapoijenga kwa kupakia inasainiwa na ule wa hatua ya 3. Inapomfikia mtu kutoka Play imesainiwa upya na ufunguo wa Google. Firebase inajua alama uliyoisajili tu, nyingine inazikataa. Kwenye kumbukumbu za simu utaona:

```
com.google.android.gms.common.api.ApiException: 10
```

Namba 10 maana yake ni usanidi usiolingana, basi usipoteze usiku ukipekua kodi ya kitufe. Nenda Play Console, ukurasa wa `App signing`, nakili SHA-1 na SHA-256 za ufunguo wa Google. Zibandike Firebase, `Project settings`, chini ya programu yako ya Android. Ongeza na za ufunguo wa kupakia. Pakua `google-services.json` mpya, iweke `android/app`, jenga toleo jipya na upakie.

Utajua umefaulu mtu aliyepakua kutoka Play akiingia. Simu yako ya kebo haithibitishi chochote katika hili. Fanya hatua hii siku ya kwanza ya majaribio, si ya kumi na tatu.

## Hatua ya 6: Fomu, kisha makabidhiano

Swali: Imekataliwa kwa sababu mkaguzi hakuweza kuingia. Nifanyeje?

Rudi kwenye mfano wetu. Mkaguzi ameingia na ukurasa unamwambia "Subiri uidhinishwe na duka". Hajaona bidhaa hata moja, na hatasubiri. Tengeneza akaunti ya barua pepe na nywila, iidhinishe mwenyewe, isiwe inadai namba inayotumwa kwa SMS, kisha iandike kwenye `App access` pamoja na maelezo mafupi ya pa kubonyeza. Usiifute baada ya kukubaliwa, maana kila toleo jipya linaweza kupitiwa tena.

Kwa sababu watu wanafungua akaunti humo, Play inadai pia njia ya kufuta akaunti: kitufe ndani ya programu na kiungo cha wavuti. Kwenye `Data safety` taja kila unachokusanya, ikiwemo barua pepe na kile kinachokusanywa na maktaba za Firebase. Kuandika "hatukusanyi chochote" wakati ukurasa wa kwanza unaomba barua pepe ni njia ya haraka ya kurudishwa.

Swali: Siku ya kukabidhi ninampa mteja nini hasa?

Flashi yenye kodi yote, faili la ufunguo na faili la mwisho la `.aab`. Bahasha ya nywila. Na karatasi moja yenye orodha ya huduma zote zinazolipiwa, tarehe zake za kulipa na kadi inayokatwa. Mbele yako afungue Play Console na Firebase kwa simu yake mwenyewe. Akishindwa kuingia hapo hapo, bado hujakabidhi.

Swali: Baada ya hapo, akinipigia kila siku?

Mkataba uwe na siku 30 za kurekebisha kasoro bure. Kasoro ni ukurasa ulioorodheshwa kushindwa kufanya kilichoandikwa. Baada ya siku hizo, matunzo yana bei ya mwezi au ya mwaka, na kuna kazi ya lazima ndani yake: kila mwaka Google hupandisha kiwango cha Android ambacho programu inapaswa kulenga. Tangu 31 Agosti 2025 programu mpya na matoleo mapya lazima yalenge angalau Android 15, yaani `targetSdk` 35 au zaidi. Mweleze mteja hilo siku ya kusaini, bei ikiwa imeandikwa, ili mwakani utakapompigia asidhani umebuni kazi.